g(t) haijatajwa, na swali linajibika

Kila mwaka, muhula ukishafika katikati, naandika mlinganyo huu ubaoni:

```
y'' + 4y' + 13y = g(t),   y(0) = 0,   y'(0) = 0
```

Halafu nasubiri. Darasa zima linafungua jedwali la Laplace, vidole vinateremka mstari kwa mstari, na mwishowe mkono unanyooshwa kule nyuma: "Mwalimu, hiyo g(t) ni ipi?" Nikijibu "yoyote", wanacheka kidogo, maana wanadhani nimesahau kumalizia swali.

Sijasahau. Upande wa kushoto ni chombo: mzigo wa kilo 1 ulioshikwa na springi ya nyutoni 13 kwa mita, na shokapu inayopinga mwendo kwa nyutoni 4 kwa kila mita 1 kwa sekunde. Upande wa kulia ni kani itakayousukuma mzigo huo, na kani hiyo hatujaambiwa. Inaweza kuwa mkono wa mtu, upepo, au safu ya namba kutoka kwenye kipimo. Tunachotafuta ni jibu ambalo halitabadilika chombo kikibaki kilekile.

Tuanze kama kawaida. Tukibadilisha pande zote mbili kwa Laplace, na kwa kuwa masharti ya mwanzo ni sifuri, tunapata (s² + 4s + 13)Y = G, yaani Y = H·G, ambapo H = 1/(s² + 4s + 13). Kamilisha mraba kwenye asili ya sehemu hiyo: (s + 2)² + 9. Hapo jedwali linatupa kinyume cha H bila shida:

```
h(t) = (1/3) e^(-2t) sin 3t
```

Mpaka hapa kila mtu yuko sawa. Tatizo ni G. Haimo kwenye jedwali kwa sababu haijulikani, kwa hiyo wengi wanaruka mbele na kuandika y = h(t)·g(t). Tumezidisha huku, basi tunazidisha na kule.

Huhitaji nadharia kuona kwamba hilo haliwezi kuwa sahihi. Weka g = 1, yaani kani ya nyutoni 1 inayosukuma bila kuacha. Jibu la kuzidisha linakuwa h yenyewe, nayo inafifia hadi sifuri. Yaani unasukuma springi kwa mkono, hulegezi, na baada ya sekunde chache mzigo umerudi pale ulipokuwa. Springi ya namna hiyo haipo. Mzigo ulitakiwa kutulia mahali ambapo 13y = 1, yaani y = 1/13 ya mita, karibu sentimita 7.7.

Kinachotokea hasa kinaonekana ukiuliza h ni nini. Chukua nyundo ya mpira, upige mzigo uliotulia pigo moja fupi, la kiasi cha kuupa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Mwendo wa mzigo baada ya pigo hilo ndio h(t): unaanzia sifuri, unachomoka kwa kasi ya 1, unayumba na kufifia. Sasa kani yoyote g unaweza kuikata vipande vyembamba vya muda, na kila kipande ni pigo dogo. Pigo lililotokea wakati τ lina ukubwa wa g(τ)dτ. Ukitazama mzigo wakati t, pigo hilo lina umri wa t − τ, kwa hiyo mchango wake wa sasa ni h(t − τ)g(τ)dτ. Jumlisha michango ya mapigo yote yaliyokwisha kutokea:

```
y(t) = ∫ h(t - τ) g(τ) dτ,   τ kutoka 0 hadi t
```

Hiyo ndiyo konvolusheni ya h na g, na hilo ndilo jibu kamili la swali la ubaoni. Ukiliandika hivyo kwenye mtihani wangu, unapata alama zote.

Bado inabaki kuonyesha kwamba kuzidisha H na G ndiko kunakozaa integrali hii. Siri iko kwenye vipeo. H ni integrali ya e^(-su)h(u), na G ni integrali ya e^(-sτ)g(τ). Ukizizidisha, ndani unapata e^(-s(u + τ))h(u)g(τ). Vipeo vimejumlishana, kwa hiyo s haijali u na τ moja moja. Inaona jumla yake tu. Iite jumla hiyo t. Jozi zote za u na τ zenye jumla t zinaingia kwenye kapu moja, na kwa kuwa zote mbili haziko chini ya sifuri, τ inatembea kutoka 0 hadi t huku u ikiwa t − τ. Kilichomo ndani ya kapu la t ni integrali ileile tuliyoipata kwa nyundo. Kikomo cha juu kinatoka hapo: pigo ambalo halijatokea halina mchango.

Kikomo hicho ndicho kinachowaangusha wengi, hata waliokwisha kuielewa nadharia. Tuanze na kani isiyoacha, g = 1. Ukiweka u = t − τ, integrali inakuwa ya h(u) kutoka 0 hadi t, na matokeo yake nayaita S(t):

```
S(t) = (1/13) [ 1 - e^(-2t) (cos 3t + (2/3) sin 3t) ]
```

Inaanzia sifuri, na mwishowe inatulia kwenye 1/13, kama springi ilivyodai. Sasa badilisha kani kidogo tu: nyutoni 1 kwa sekunde moja ya kwanza, kisha mkono unaondoka. Mzigo uko wapi sekunde ya 2?

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi ni kuandika tena g = 1 na kuacha kikomo cha juu kikiwa t. Jibu linatoka S(2), karibu mita 0.0758, sentimita 7.6 kwenda upande uliosukumwa. Lakini baada ya sekunde ya 1, g ni sifuri. Kwa t iliyozidi 1, τ inatembea kutoka 0 hadi 1 tu, na ukibadilisha kuwa u, vikomo vinakuwa t − 1 hadi t:

```
y(t) = S(t) - S(t - 1),   t > 1
y(2) = 0.0758 - 0.0862 = -0.0104
```

Mzigo uko karibu sentimita 1 upande wa pili. Umeachiwa, ukarudi, ukapitiliza. Anayepata sentimita 7.6 angeweza kujishtukia mwenyewe kwa kuuliza jibu lake linaelekea wapi t ikiwa kubwa: linaelekea 1/13, wakati hakuna anayesukuma tena. Mimi huwaambia wachore g kwanza, hata kwa kalamu mbovu pembeni mwa karatasi, kisha waweke alama ya t kwenye mchoro. Kama t imepita mahali g ilipokatika, integrali inaishia hapo ilipokatika.

Masharti ya mwanzo yasiyo sifuri hayagusi konvolusheni. Kwa y(0) = 2 na y'(0) = −1, kiasi cha ziada juu ya asili ileile ni 2s + 7, ambacho ni 2(s + 2) + 3. Kwa hiyo unaongeza e^(-2t)(2cos 3t + sin 3t) pembeni ya integrali, basi.

Faida ya jibu la namna hii inaonekana g inapokuja kama safu ya vipimo, ambapo hakuna jedwali litakalokusaidia. Kwenye kompyuta ni mistari michache:

```python
import numpy as np
dt = 0.01
t = np.arange(0, 10, dt)
h = np.exp(-2*t)*np.sin(3*t)/3
g = np.ones_like(t)      # weka vipimo vyako hapa
y = np.convolve(h, g)[:len(t)]*dt
```

Mstari wa mwisho una mitego miwili. `np.convolve` inajumlisha tu, haijui upana wa kila kipande. Ukisahau kuzidisha kwa `dt`, mzigo unatulia kwenye 7.69 badala ya 0.0769, mita saba na ushee kwa nyutoni moja. Mtego wa pili haupigi kelele kama huo. Safu mbili zenye namba 1000 kila moja zinatoa namba 1999, na zile za baada ya 1000 zimehesabiwa kana kwamba kani ilikatika ghafla vipimo vyako vilipoishia. Ukichora zote, utaona mzigo unarudi sifuri mwishoni, na utatafuta sababu ya kifizikia ambayo haipo. Ndiyo maana ya `[:len(t)]`. Jaribu kwanza na g ya 1 kote, ukiona 0.0769, weka data yako.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Chukua g(t) = e^(t²). Inakua haraka kuliko kipeo chochote cha Laplace kinavyoweza kuizuia, kwa hiyo G yake haipo kabisa. Je, jibu letu limekufa? Hapana. Tafuta derivativu ya integrali moja kwa moja, ukikumbuka kwamba t iko ndani na pia kwenye kikomo. Derivativu ya kwanza inaleta h(0)g(t), ambayo ni sifuri. Ya pili inaleta h'(0)g(t), ambayo ni g(t) yenyewe kwa sababu h'(0) = 1. Ukijumlisha y'' + 4y' + 13y, ndani ya integrali kunabaki h'' + 4h' + 13h, nayo ni sifuri, na nje kunabaki g(t). Mlinganyo umetimia bila kumgusa Laplace. Ndiyo maana wahandisi wa majengo huiita integrali hii kwa jina la Duhamel, Mfaransa wa karne ya 19, na huitumia kwenye mitikisiko ya ardhi bila kutaja s hata mara moja.

Inapokwama kweli ni pale chombo chenyewe kinapobadilika. Tuseme mzigo ni ndoo ya maji inayovuja. Pigo la sekunde ya kwanza linakuta ndoo nzito, la sekunde ya kumi linakuta nyepesi, na mwendo unaofuata si uleule hata kama umri wa mapigo ni mmoja. Hapo h haiwezi kutegemea t − τ peke yake. Inataka t na τ, kila moja kivyake. Bado unaweza kujumlisha mapigo, maana mlinganyo ni wa mstari, ila ile hila ya vipeo kujumlishana haifanyi kazi tena, na Y = H·G haiandikiki. Mwanafunzi akiona 4t y' kwenye mlinganyo na bado akaandika h(t − τ), najua hakuwahi kuishika ile nyundo.