Omba nafasi kwanza, kisha kufuli: mpangilio wa sem_wait mbili katika tatizo la mzalishaji na mlaji

Kila ninapopitia msimbo wa waandishi wa programu vijana hapa Kampala, hukutana na dai lile lile, na mwezi huu limenifikia tena: kwamba katika tatizo la mzalishaji na mlaji, mradi semafori zote mbili zimechukuliwa kabla ya kugusa bafa, haijalishi ni ipi iliyotangulia. Kijana aliyelitoa safari hii alilitetea kwa hoja nzuri. Aliniambia, "Mwalimu, ni lazima ufunge kwanza ndipo uangalie kama kuna nafasi, kwa sababu ukiangalia kabla ya kufunga, uzi mwingine utaiwahi nafasi hiyo." Hoja hiyo ni sahihi kabisa kwa chombo kingine. Kwa semafori ni kosa linalosimamisha mfumo mzima, na nimechoka kuliona likipita katika ukaguzi kwa sababu tu majaribio yamefaulu.

Tatizo lenyewe linafahamika. Kuna bafa yenye nafasi `N`, nyuzi za wazalishaji zinazotia vitu, na nyuzi za walaji zinazovitoa. Mzalishaji asitie bafa ikiwa imejaa, mlaji asitoe ikiwa tupu, na pasiwe na nyuzi mbili zinazobadilisha faharasa kwa wakati mmoja. Semafori ni hesabu: `sem_wait` huipunguza kwa moja, au humlaza aliyeiita ikiwa ni 0, na `sem_post` huiongeza kwa moja. Suluhisho la semafori tatu lina asili yake katika maandishi ya Mholanzi Edsger Dijkstra ya mwaka 1965, na kwa POSIX linaandikwa hivi:

```c
sem_init(&nafasi, 0, N);
sem_init(&vitu,   0, 0);
sem_init(&kufuli, 0, 1);
```

Mzalishaji hufanya hivi, na mlaji hufanya kinyume chake kwa kubadilishana `nafasi` na `vitu`:

```c
sem_wait(&nafasi);
sem_wait(&kufuli);
bafa[mwisho] = kitu;
mwisho = (mwisho + 1) % N;
sem_post(&kufuli);
sem_post(&vitu);
```

Sasa tubadilishe mistari miwili ya kwanza ya mzalishaji, ili `kufuli` itangulie, tumwache mlaji akiwa sahihi, kisha tufuate hatua moja baada ya nyingine. Tuchukue `N` kuwa 3. Mwanzoni `nafasi` ni 3, `vitu` ni 0 na `kufuli` ni 1. Mlaji ana shughuli nje ya bafa, tuseme anaandika rekodi kwenye hifadhidata, na kwa muda huo mzalishaji anatia vitu vitatu bila tatizo lolote. Sasa `nafasi` ni 0, `vitu` ni 3, `kufuli` ni 1. Mzalishaji anarudi na kitu cha nne. Anachukua `kufuli`, nayo inakuwa 0, kisha anaita `sem_wait(&nafasi)`, na kwa kuwa `nafasi` ni 0 analala papo hapo, kufuli likiwa bado mkononi mwake. Mlaji anamaliza kazi yake na kurudi. Anaita `sem_wait(&vitu)`, anapita, na `vitu` inabaki 2. Anaita `sem_wait(&kufuli)`, na yeye pia analala. Mzalishaji anasubiri nafasi ambayo ni mlaji peke yake awezaye kuitoa, na mlaji anasubiri kufuli ambalo ni mzalishaji peke yake awezaye kulifungua. Hakuna uzi wa tatu utakaowaokoa, kwa sababu kila atakayekuja atapanga foleni nyuma ya mmoja wao.

Ni kama ghala la kahawa kule Mbale lenye ufunguo mmoja: mwenye magunia mapya ameingia, amejifungia ndani na ufunguo, na anasubiri magunia ya zamani yatolewe, huku mwenye kuyatoa akiwa amesimama mlangoni.

Kwa mpangilio sahihi hali hiyo haiwezi kutokea. Mzalishaji wa kitu cha nne analala kwenye `nafasi` akiwa hajashika chochote, `kufuli` bado ni 1, mlaji anaingia, anatoa kitu, anaachilia kufuli, na `sem_post(&nafasi)` yake inamwamsha mzalishaji. Sababu inayoshikilia jambo zima ni hii: aliyeshika kufuli hana mahali popote pa kulala kabla ya kuliachilia. Ukisoma msimbo wa mtu mwingine, tafuta hilo tu. Kati ya `sem_wait(&kufuli)` na `sem_post(&kufuli)` kusiwe na `sem_wait` nyingine inayongoja tendo la uzi utakaolihitaji kufuli hilo hilo.

Narudi kwenye hoja ya yule kijana, kwa kuwa ndipo penye mzizi. Yeye amejifunza vigezo vya masharti, yaani `pthread_cond_wait`, na huko kweli unafunga kwanza, unaangalia hesabu ndani ya `while`, na ukikuta bafa imejaa unalala. Kinachomlinda huko ni kwamba `pthread_cond_wait` hupewa kufuli kama hoja yake ya pili, huliachilia na kulala kwa tendo moja lisilogawanyika, na hulichukua tena kabla ya kurudi. `sem_wait(&nafasi)` haijui kabisa kwamba kuna semafori nyingine inayoitwa `kufuli`. Hupokea anwani ya semafori moja na kushughulika na hiyo pekee. Hakuna atakayekuachilia kufuli ukilala, na imani kwamba mfumo wa uendeshaji "utaona" na kulifungua haina msingi wowote.

Sehemu ya pili ya hoja yake, ile hofu ya kuwahiwa, inatokana na kuifikiria `sem_wait` kama kuangalia. Si kuangalia. Kupita kwenye `sem_wait(&nafasi)` ni kupunguza hesabu kwa tendo moja lisilogawanyika, na aliyepita amekwisha kutengewa nafasi moja. Kati ya mstari huo na wa kufuli anaweza kukatizwa na mpangaji wa nyuzi, wazalishaji wengine wakapita mbele yake, wakatia vitu vyao, na bado nafasi yake haitachukuliwa na yeyote, kwa sababu kila aliyempita alipunguza hesabu kwa ajili yake mwenyewe. Kwa hiyo kufuli halilindi hesabu ya nafasi. Linalinda kigezo `mwisho` na safu ya bafa, basi.

Kwa nini kosa hili huishi muda mrefu bila kuonekana? Kwa sababu mpangilio mbaya wa mzalishaji hauna madhara hadi bafa ijae. Niliwahi kuitwa na kampuni moja iliyopokea taarifa za malipo ya karo za shule kwa simu na kuziandika kwenye hifadhidata. Bafa ilikuwa na nafasi 256. Siku za kawaida hifadhidata iliandika haraka kuliko malipo yalivyoingia, na `nafasi` haikuwahi kufika 0. Muhula ulipofunguliwa, wazazi wakalipa kwa pamoja, bafa ikajaa, na huduma ikanyamaza bila ujumbe wowote wa kosa. Waliiwasha upya, ikafanya kazi kidogo, ikanyamaza tena. Kisha wakapandisha bafa hadi 4096, wakaamini wametibu. Bafa kubwa huahirisha tu siku ya kujaa. Mlaji mwenye mpangilio mbaya, kwa upande wake, hufichuka mapema zaidi, kwa kuwa bafa huanza ikiwa tupu: mlaji akitangulia kufika, anashika kufuli na kulala kwenye `vitu`, na hakuna mzalishaji atakayeingia kamwe.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua ukijua unachotafuta. Programu ipo hai, lakini `top` inaonyesha haitumii prosesa. Ungana nayo kwa `gdb -p` na uandike `thread apply all bt`, utakuta nyuzi zote zimelala ndani ya `sem_wait`, mmoja kwenye `nafasi` na wengine kwenye `kufuli`. Usidanganywe na thamani ya `vitu`. Wengi hutarajia kuikuta sawa na `N`, lakini kila mlaji sahihi aliyekwama kwenye kufuli amekwisha kupunguza moja. Katika mfano wetu ilikuwa 2, na kwa walaji watatu itakuwa 0 ilhali bafa imejaa vitu vitatu ambavyo havijaguswa. Thamani ya `kufuli` ndiyo ya kuaminika zaidi: ikibaki 0 huku hakuna uzi unaofanya kazi, aliyeishika amelala nayo.

Kuhusu `sem_post` mbili za mwisho sitasema mengi. Mpangilio wake hauleti mkwamo, kwa sababu `sem_post` haimlazi yeyote. Ukitoa ishara ya `vitu` kabla ya kuachilia kufuli, mlaji aliyeamshwa anaweza kukuta mlango umefungwa na kulala tena, na hasara inaishia hapo. Jambo jingine la kukagua ni jibu la `sem_wait` yenyewe: ikikatizwa na kishughulikia ishara hurudisha -1 na `errno` huwa `EINTR`, na asiyeangalia huendelea kana kwamba ametengewa nafasi.

Nina mashaka fulani. Sina hakika kwamba tunafanya vema kuendelea kufundisha kufuli kama semafori ya thamani 1. Semafori haina mwenyewe. Uzi wowote unaweza kuipandisha, na `sem_post` moja ya ziada inaifanya kuwa 2, nyuzi mbili zikaingia pamoja bila onyo lolote. Katika kazi zangu mimi huacha `nafasi` na `vitu` zikiwa semafori, na kufuli nalifanya `pthread_mutex_t`. Sharti la mpangilio linabaki vile vile. Nina shaka pia kama kufuli linahitajika daima: kwa mzalishaji mmoja na mlaji mmoja, kila mmoja akiwa na faharasa yake, semafori mbili zinatosha, kwa kuwa `sem_wait` na `sem_post` husawazisha pia kumbukumbu kati ya nyuzi. Hata hivyo naliacha kufuli, kwa sababu siku mtu atakapoongeza mlaji wa pili hatakumbuka kulirudisha.

Ukitaka kuipima programu yako leo, weka `N` kuwa 1 na umcheleweshe mlaji kwa `usleep(100000)` baada ya kila kitu. Mzalishaji mwenye mpangilio mbaya atakwama kwenye kitu cha pili au cha tatu. Kisha ondoa ucheleweshaji huo, uwashe walaji kwanza, na wazalishaji wafuate baada ya sekunde moja. Mlaji mwenye mpangilio mbaya atakwama kabla kitu cha kwanza hakijaingia.