Ufunguo bila mlango

"Si shairi lina maana moja tu, ile aliyoikusudia mtunzi?"

Hapana, ingawa tumezoea kuambiwa hivyo tangu darasani. Chukua mshororo huu niliotunga kwa ajili ya mfano:

*Ufunguo nimeshika, mlango wake sioni.*

Aliyehama husikia umbali: nyumba ipo, ila iko kwingine, pengine inakaliwa na wengine. Aliyefiwa husikia jambo jingine kabisa. Kwake mlango upo palepale, lakini aliyekuwa akiufungua hayupo tena, na ufunguo umebaki kama mabaki ya marehemu. Mshororo haukusema mlango uko wapi wala nyuma yake alikuwa nani. Pengo hilo ndilo msomaji hulijaza kwa yaliyompata. Hata mtu yuleyule, akiusoma kabla ya msiba na baada yake, aghalabu hasomi kitu kimoja.

Hii haina maana kwamba kila tafsiri inakubalika (hapo ndipo wengi huteleza). Anayesema mshororo unahusu ufunguo uliopotea amekosea, maana neno *nimeshika* linamkatalia. Uchungu wake unaweza kuwa wa kweli kabisa, ila hautoki kwenye mshororo huu.