Gemu Ikijifunga Kwenye Mac ya M1: Jua Kwanza Inaendeshwa Kama Intel au Kama Apple

Ukinunua MacBook ya mtumba pale Moi Avenue, kabla ya kuuliza ina GB ngapi, bonyeza alama ya tufaha juu kushoto ufungue About This Mac. Ukikuta neno Processor likifuatwa na Intel, haya ninayoeleza hayakuhusu. Ukikuta neno Chip likifuatwa na Apple M1, M2 au namba ya juu zaidi, basi kila gemu iliyoandikiwa Intel itapitia kwa mkalimani anayeitwa Rosetta 2 kabla ya kufunguka, na gemu nyingi zinazojifunga ghafla zinajifungia hapo.

Rosetta haigeuzi prosesa yako kuwa Intel. Inasoma maagizo ya Intel yaliyomo ndani ya gemu na kuyaandika upya kwa lugha ya prosesa ya Apple. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mara ya kwanza unapofungua gemu, na matokeo huhifadhiwa kwenye diski. Ndiyo maana ufunguzi wa kwanza unaweza kuchukua muda mrefu huku ikoni ikirukaruka, kisha wa pili ukawa mwepesi. Usiifunge kwa nguvu katika ufunguzi huo wa kwanza. Ipe nafasi imalize. Lakini zipo gemu zinazotunga maagizo yao zenyewe zikiwa zinaendelea, kama zile zinazotumia Java au Mono. Hayo hayawezi kutafsiriwa mapema, kwa hiyo Rosetta huyatafsiri papo hapo wakati wewe unacheza. Kukwama kwa sekunde moja kila unapoingia eneo jipya mara nyingi hutoka hapo, na kupunguza ubora wa picha hakutakusaidia.

Swali la kwanza basi ni moja: gemu hii sasa hivi inaendeshwa kama Intel au kama Apple? Watu wengi huruka swali hili na kuanza kufuta na kupakua upya, GB 20 au 30 za bando zinakwisha, na tatizo liko palepale. Jibu linapatikana bila kupakua chochote. Fungua Activity Monitor, anzisha gemu, kisha utazame safu ya Kind. Kama haionekani, bofya vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia uiongeze. Ikiandika Intel, gemu inapita kwa Rosetta. Ikiandika Apple, haipiti.

Usichanganye safu hiyo na maneno unayoyaona kwenye Get Info. Ukichagua gemu na kubonyeza Command na I, mstari wa Kind utakuambia Application (Intel), Application (Apple silicon) au Application (Universal). Universal maana yake faili moja limebeba nusu mbili, ya Intel na ya Apple. Haikuambii ni nusu ipi inayoendeshwa. Gemu ya Universal inaweza kabisa kuwa inapita kwa Rosetta bila wewe kujua.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Gemu tuiite Mchezo, imetengenezwa kwa Unity, ipo kwenye Steam, na kompyuta ni MacBook Air ya M1 yenye macOS 14. Nembo ya studio inaonekana, kisha dirisha linapotea. Get Info inasema Universal, kwa hiyo mwenye kompyuta anaamini hili si suala la Rosetta.

Fungua programu ya Console, uende kwenye Crash Reports, uchague ripoti ya karibuni yenye jina la gemu. Ripoti ni ndefu na inatisha, lakini unahitaji mistari mitatu tu. Wa kwanza ni Code Type. Kwetu unasomeka hivi:

```
Code Type:       X86-64 (Translated)
Exception Type:  EXC_BAD_INSTRUCTION (SIGILL)
```

Neno Translated linamaliza ubishi: ni nusu ya Intel iliyokuwa ikiendeshwa, ingawa nusu ya Apple ipo. Mstari wa pili unasema prosesa ilikutana na agizo isilolitambua. Wa tatu uko chini zaidi, penye neno Crashed. Maktaba ni faili la maagizo ambalo gemu huliita kufanya kazi fulani; tazama jina la maktaba lililo juu kabisa ya orodha ile. Kwenye mfano wetu ni maktaba ya kuchezesha video, na video ya utangulizi ndiyo inayofuata baada ya nembo. Mambo yanalingana.

Kwa nini agizo halitambuliki? Prosesa za Intel zina kundi la maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja, yaitwayo AVX na AVX2. Rosetta ya macOS 14 na za nyuma yake haiyajui kabisa. Gemu iliyoandikwa vizuri huuliza kwanza kama prosesa inayo AVX, na ikijibiwa hapana hupita njia nyingine. Maktaba isiyouliza huyaita moja kwa moja, na gemu hufa papo hapo. Niweke tahadhari: SIGILL peke yake haithibitishi AVX, kwa sababu baadhi ya programu hujiua zenyewe kwa agizo batili zinapogundua hitilafu ya ndani. Ni pale SIGILL, macOS ya chini ya 15 na maktaba ya video, sauti au fizikia vinapokutana ndipo ninapoielekea AVX bila wasiwasi.

Kuanzia macOS 15, Rosetta inatafsiri AVX na AVX2, ila AVX-512 bado haimo. Kuna jambo moja linalowapotea wengi: hata kwenye macOS 15, Rosetta haiitangazi AVX kwa programu inayouliza, isipokuwa uiamuru. Gemu ya Intel tupu inayokataa kuanza ikidai prosesa haina AVX unaweza kuijaribu kupitia Terminal, ukiwa ndani ya folda ya gemu:

```
ROSETTA_ADVERTISE_AVX=1 ./Mchezo.app/Contents/MacOS/Mchezo
```

Kwa Mchezo wetu, hata hivyo, hatuna haja ya kuhangaika na mkalimani wakati nusu ya Apple ipo. Nusu hiyo haina AVX ndani yake. Hutumia maagizo ya prosesa yenyewe. Tunachotafuta ni kwa nini haikuchaguliwa. Kwenye Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, kisha Browse. Ukifika kwenye faili la .app, fungua Get Info. Pale pana kisanduku cha Open using Rosetta, na kwenye mfano wetu kimewekwa tiki. Mara nyingi tiki hiyo iliwekwa zamani kwa ajili ya modi fulani, yaani nyongeza ya kubadilisha gemu, ikasahaulika. Kisanduku hiki huonekana kwa programu za Universal pekee, hivyo kukiona tu ni ushahidi kwamba nusu ya Apple ipo. Kiondolee tiki, anzisha gemu, rudi Activity Monitor. Kama bado panaandika Intel, angalia kizinduzi chenyewe, hapa ni Steam, maana kizinduzi kinachopita kwa Rosetta kinaweza kuiburuta gemu upande huohuo. Fungua gemu moja kwa moja kutoka Finder ulinganishe.

Sasa Kind inasoma Apple, video inacheza, gemu inaingia. Lakini modi ya zamani iliyoongeza sauti za mazingira imenyamaza. Hili nalo lina sababu yake, na ndilo linalowafanya watu warudishe tiki. Mchakato mmoja hauwezi kuchanganya aina mbili za prosesa: ukianza kama Apple, kila maktaba inayoingia ndani yake lazima iwe na nusu ya Apple. Kwenye faili la Player.log, lililo ndani ya Library/Logs katika folda yako ya nyumbani, utakuta maneno haya:

```
incompatible architecture (have 'x86_64', need 'arm64')
```

Badala ya kutafuta maktaba hizo moja moja, ziulize zote kwa mkupuo kwenye Terminal, ukiwa ndani ya folda ya gemu. Amri ya file imo tayari kwenye macOS. Wengine hukuelekeza kwenye lipo, ambayo kwenye Mac isiyo na zana za wasanidi itakudai upakue zana hizo kwanza, na kwa mtu wa bando hiyo si hasara ndogo.

```
find Mchezo.app -type f -exec file {} + \
 | grep Mach-O | grep -v -e arm64 -e "for architecture"
```

Kinachobaki kwenye skrini ni faili zisizo na nusu ya Apple. Zisikutie hofu zote. Programu ndogo inayojitegemea, kama ile ya kutuma ripoti za hitilafu, huendeshwa kama mchakato wake yenyewe na inaweza kupita kwa Rosetta bila kuigusa gemu. Zinazoleta shida ni zenye .dylib au .bundle katika anwani yake, kwa sababu hizo huingia ndani ya gemu. Kama modi iko nje ya .app, elekeza amri kwenye folda yake badala ya Mchezo.app. Kwa mfano wetu dawa ni toleo jipya la modi lililojengwa kwa pande zote mbili, au kuiondoa. Kurudisha tiki ni kurudi kwenye AVX.

Ukiona alama ya kukatazwa juu ya ikoni na gemu haifunguki kabisa, hiyo mara nyingi ni gemu ya biti 32. Apple iliziondoa na macOS 10.15 mwaka 2019, na Rosetta 2 haizirudishi. Hakuna mpangilio utakaoifungua.

Kwa gemu ambayo bado hujainunua, nembo ya tufaha kwenye ukurasa wa Steam inakuambia tu kwamba kuna toleo la Mac. Soma mahitaji ya mfumo: yakitaja Apple M1 hiyo ni dalili nzuri, yakitaja Intel Core i5 peke yake chukulia kwamba itapita kwa Rosetta. Kwa gemu ambayo tayari unayo, pitia pia Properties kisha Betas, kwani watengenezaji wengine huliweka toleo la Apple huko kwanza.

Tofauti hii itazidi kuuma. Mwezi Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta itaendelea kwa ukamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo itabaki sehemu yake tu, kwa ajili ya gemu za zamani ambazo hazitunzwi tena. Kwa hiyo ukinunua leo gemu ya Intel tupu, fanya ukaguzi wa Activity Monitor siku hiyohiyo. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa 2, na muda ambao gemu imekaa wazi ikijaribu kuanza nao unahesabiwa.