Uchunguzi wa vizuizi: kuijua sheria itakayolikwamisha wazo kabla hujalipenda

Uchunguzi wa vizuizi ni kazi ya siku chache inayofanywa wazo la biashara likiwa bado karatasini. Unatafuta leseni, kibali au kanuni ya afya ambayo usipoitimiza, biashara haianzi kihalali. Hufanywa mapema kwa sababu mtu akishanunua mashine, akachapisha lebo na kuwatajia ndugu zake jina la bidhaa, masikio yake yanaziba. Afisa akimwambia chumba hakifai, yeye husikia uonevu.

Masharti yote hayana uzito mmoja. Kuna sharti la kulipia tu: unajaza fomu, unatoa ada, unasubiri. Kuna sharti linalobadilisha wazo, mathalani likikutaka utoke nyumbani ukapange chumba kingine. Na kuna sharti linalolizuia kabisa wazo kwa mtaji ulionao. Wengi huhangaikia la kwanza kwa sababu ndilo lenye foleni, ilhali mawili yaliyobaki ndiyo yanayoua biashara.

Tuchukue wazo ambalo wengi huwa nalo Tanzania: kutengeneza siagi ya karanga nyumbani na kuiuza madukani kwenye makopo ya gramu 400.

Masharti ya kulipia hapa yanajulikana. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inatolewa na TRA, na leseni ya biashara ya kiwango hiki inatoka halmashauri. Watakaoshika chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita. Hakuna hata moja kati ya haya linalotosha kulivunja wazo. Yaandike, yawekee muda na fedha, kisha endelea.

Kuhusu ofisi ya chakula, angalia tarehe ya maelezo unayoyasoma. Maelezo mengi ya zamani yanakuelekeza TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ilibadilishwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na masuala ya chakula na vipodozi yakahamia Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kwa hiyo jengo la kutengenezea chakula husajiliwa TBS, na alama ya ubora inaombwa hukohuko.

Jengo ndiko wazo linakokutana na sharti la aina ya pili. Jiko linalopikia familia halikubaliki kuwa chumba cha uzalishaji. Mkaguzi hutazama kama sakafu na kuta ni laini na zinasafishika kwa maji, kama kuna dari, kama madirisha yana wavu wa kuzuia wadudu, na kama choo hakifungukii ndani ya chumba cha kazi. Anataka kuona sehemu ya kunawia mikono yenye maji na sabuni, na magunia yakiwa juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Hutazama pia njia ya karanga zenyewe: mbichi ziingie upande mmoja, makopo yaliyojazwa yatokee upande mwingine, zisikutane katikati. Nyumba ya vyumba viwili vya kupanga haiwezi kuyatimiza hayo, hata ungeisafisha vipi. Kabla ya kulipa kodi ya chumba kingine, soma mkataba kama unaruhusu shughuli ya uzalishaji, kisha mwombe afisa afya wa kata aje akitazame kikiwa kitupu. Kuhamisha mlango au sinki kabla ya ukarabati ni kazi ndogo, lakini baada ya vigae kubandikwa unabomoa.

Hata hivyo chumba ni fedha tu. Kizuizi chenyewe cha siagi ya karanga ni sumukuvu.

Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoota kwenye karanga zilizopata unyevu shambani, wakati wa kuanika au ghalani. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya maikrogramu 10 kwa kilo, na aina moja ya sumu hiyo, iitwayo B1, peke yake isizidi 5. Jumla hiyo ni sawa na miligramu 10 katika tani nzima ya karanga. Haionekani kwa macho, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya lilizuia uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa kuvuka kiwango hiki, na hizo zilikuwa bidhaa zilizokwisha kufika madukani.

Ugumu ni kwamba sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote, na ukishasaga, zimeenea kwenye kila kopo. Ndiyo maana sampuli ya kiganja kimoja kutoka juu ya gunia inaweza kutoa majibu mazuri ya uongo. Chota kidogo kidogo kutoka magunia yote, juu, katikati na chini, changanya, saga, kisha peleka sehemu yake maabara.

Kinga ni kununua karanga kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 7 hivi, na kuzichambua kwa mkono ukitoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Hapo hesabu inabadilika. Tuseme kilo 100 umezinunua kwa shilingi 4,000 kila moja, ukatoa kilo 15 mbovu. Umebaki na kilo 85 kwa shilingi 400,000 zilezile, yaani karibu shilingi 4,700 kwa kilo, na bado hujakaanga wala kulipia kipimo. Zile kilo 15 usizihesabie mauzo: hazifai kwa muuza kashata, wala kwa kuku, wala kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hudhuru mifugo na nyingine hutokea kwenye maziwa. Kama bei ya kopo haibebi hasara hiyo pamoja na kipimo cha kila mkupuo, wazo limezuiwa, hata kama kila leseni ingepatikana bure.

Kwa hiyo fedha ya kwanza kuitumia iwe ya kipimo cha maabara cha karanga za mahali unapokusudia kununua, kabla ya fedha ya mashine. Majibu yakiwa juu ya 10 hata baada ya kuchambua, tafuta mkulima au ghala jingine upime tena.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao uko kwenye lebo. Siagi ya karanga ikiitwa chakula, iko chini ya masharti tuliyoyaeleza. Ukiandika kwamba inatibu utapiamlo au inaongeza nguvu za kiume, umedai tiba, na dai hilo linakupeleka kwenye sheria nyingine na ofisi nyingine. Ukiiita chakula cha watoto wachanga, kanuni huwa kali zaidi. Yaamue maneno hayo sasa, wakati kuyafuta ni kupitisha kalamu tu.

Ukienda TBS au kwa afisa afya, usiulize, "Naweza kufungua biashara ya siagi ya karanga?" Utaambiwa ndiyo, kwa kuwa inawezekana. Nenda na mchoro wa chumba, jina la bidhaa kama litakavyosomeka kwenye kopo, viambato na mahali utakapouza. Kisha uliza: "Katika haya, kipi kitafanya ombi langu likataliwe?" Andika jibu, jina la kanuni au namba ya kiwango kilichotajwa, na tarehe. Kama kikwazo ni chumba pekee, ulizia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa, kama ina eneo la kupangisha wasindikaji, au zungumza na msindikaji mwenye jengo lililosajiliwa akusagie kwa mkataba.