Kwa nini sifuri na moja si namba tasa?

Juzi jioni dogo wa dada yangu, yuko darasa la sita hapa Tandika, kaniletea daftari lina kosa jekundu. Kaulizwa aorodheshe namba tasa kuanzia 0 mpaka 20, akaanza na 1, mwalimu kaikata. Dogo anang'aka kabisa, "Anko, si mwenyewe katufundisha tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu? Sasa moja haigawanyiki kwa moja? Haigawanyiki kwa yenyewe?" Mama yake kapita na beseni la nguo akatia na lake, eti hiyo moja ndo tasa wa kweli, maana ukizidisha namba kwa moja haizai kitu, inarudi ileile.

Sasa hapo ndo utaona wote wawili wana hoja, sentensi ya darasani imeyeyushwa kidogo ili iingie kichwani. Ukiitaka iliyokamili ni hivi: namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tofauti, visizidi visipungue. 7 ina 1 na 7, viwili, imepita. 2 ina 1 na 2, imepita (kuna watoto wanaikata 2 kwa sababu ni shufwa, waiache, ni tasa halali kabisa). 1 ina kigawo kimoja tu, ambacho ni 1 yenyewe, ule "kwa moja na kwa yenyewe" hapo ni mtu mmoja umemuhesabu mara mbili. Na sifuri ndo kabisa, gawa 0 kwa 2, kwa 3, kwa 19, kwa 500, zote zinaingia bila baki, yaani vigawo vyake havina mwisho.

Dogo kanisikiliza halafu kaniuliza swali ambalo nililipenda kuliko la kwanza. "Sasa nani kasema lazima viwe viwili?" Kweli bwana. Maana yake inaandikwa na watu, wangeweza kuiandika vingine, kwa hiyo ukimjibu mtu "kwa sababu maana inasema hivyo" bado hujamjibu.

Jibu lenyewe liko kwenye ngazi. Kila aliyepita shule ya msingi anaijua, ile unapiga mstari wa wima, namba kulia, kushoto unaweka namba tasa za kugawia, unashuka mpaka ufike 1. Nikamwambia achukue kreti ya soda, chupa 24, tuivunje.

```
2 | 24
2 | 12
2 |  6
3 |  3
  |  1
```

Kwa hiyo 24 = 2 × 2 × 2 × 3. Nikamwambia haya fanya tena ila usianze na 2, anza na 3. Kapata 8, halafu 4, halafu 2, halafu 1. Kushoto kuna 3, 2, 2, 2. Mpangilio umebadilika lakini mzigo ni uleule, 2 ziko tatu na 3 iko moja. Ukianza kwa kusema 24 ni 4 × 6, ukavunja 4 na ukavunja 6, unaishia palepale. Ukisema 3 × 8, palepale. Na sio 24 peke yake, namba nzima yoyote kuanzia 2 kwenda juu ina mvunjo mmoja tu wa namba tasa, hauna wa pili, upite njia unayotaka. Wanahesabu wanaiita kanuni ya msingi ya hesabu, na kazi zote zile za KDS na KKS zimeegemea hapo, maana kama mimi na wewe tungeivunja 24 tukapata vitu tofauti tusingeweza kulinganisha chochote.

Sasa jaribu kuikubali 1 iwe tasa. Maana yake una ruhusa ya kuiweka kushoto kwenye ngazi.

```
1 | 24
1 | 24
1 | 24
1 | 24
```

Dogo kaandika mistari minne akacheka akatupa kalamu. Hushuki. Unaweza ukakaa hapo mpaka Iddi ijayo, 24 iko vilevile. Na ukiamua kuchanganya, ukagawa kwa 1 mara mbili halafu ukaendelea na 2 zako, umepata 1 × 1 × 2 × 2 × 2 × 3. Jirani kaweka 1 tano. Mwingine hakuweka hata moja. Wote wako sahihi na wote wana majibu tofauti, ule mvunjo mmoja tu umekufa. Halafu angalia tena ngazi ya kwanza, 1 ilikuwa wapi? Chini kabisa, sakafuni, ndo alama ya kwamba umemaliza. Haiwezi kuwa sakafu na ikawa kidato cha ngazi kwa wakati mmoja.

Hasara yake unaiona vizuri ukitaka kujua 24 ina vigawo vingapi bila kuvitafuta kimojakimoja. Kila kigawo cha 24 kimetengenezwa kwa vipande vyake vya ngazi. Unaweza kuchukua 2 hata moja usichukue, au ukachukua moja, au mbili, au zote tatu, hizo ni njia nne. Ile 3 unaiacha au unaichukua, njia mbili. Nne mara mbili ni nane. Hesabu: 1, 2, 4, 8, 3, 6, 12, 24. Nane kweli. Na hiyo 1 iliyoko kwenye orodha imetoka wapi? Imetoka pale ulipoacha kila kitu, hujachukua 2 wala 3. Imejileta yenyewe, haikuhitaji kuwa tasa. Sasa chomeka 1 kama tasa, useme zimo mbili, una njia tatu za kuzichukua, tatu mara nane ni 24. Eti 24 ina vigawo 24! Uongo mtupu, ni vilevile nane umevihesabu mara tatutatu.

Kuna na chekeche la Eratosthenesi, yule Mgiriki wa Aleksandria wa zamani kabla ya Kristo. Unaandika namba, unaizungushia duara 2 na kukata vigawe vyake vyote vinavyofuata, unaenda 3 unafanya hivyohivyo, halafu 5, na kwa namba mpaka 30 hapo umemaliza, zilizobaki ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29. Anza na 1 uone. Vigawe vya 1 ni namba zote, kwa hiyo unakata kila kitu, chekeche limemwaga unga wote na umebaki na 1 peke yake mkononi.

Sifuri kesi yake ni nyingine, wengi wanaichanganya na ya 1. Moja ni namba isiyofanya kitu ukigawia, sifuri huwezi hata kugawia. Ukiiweka kushoto kwenye ngazi ya 24 unaandika nini? Hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa 0 unapata 24. Kwa hiyo kama kipande cha kujengea haina kazi, ikiingia tu kwenye kuzidisha jibu lote linakuwa 0. Na ukiiweka kulia, kama namba ya kuvunjwa:

```
2 | 0
2 | 0
7 | 0
```

Imegawanyika vizuri, baki hamna, lakini sakafuni kwenye 1 hufiki milele, na namba yoyote utakayoweka kushoto inakubali. Kwa hiyo sifuri haina mvunjo hata mmoja wa namba tasa, ndo maana ile kanuni inaanzia 2.

Nisikudanganye kwamba watu walijua hivi tangu zamani. Sifuri sijawahi kuona mtu akiipigania, ila 1 ilikuwa inaingia na kutoka. Wagiriki wa kale wengi hata hawakuihesabu kuwa namba, kwao ilikuwa kitu cha kuhesabia. Halafu mwaka 1742 mwanahesabu Goldbach anamwandikia barua mwanahesabu mwenzake Euler, na humo anaichukulia 1 kama tasa, anasema anaona kila namba kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa tatu. Kwa 1 yake 3 inakuwa 1 + 1 + 1. Leo hiyo haipiti, ndo maana dai lake tunaliandika kwa namna nyingine, kwamba kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya tasa mbili, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha. Mwaka 1914 Mmarekani mmoja, D. N. Lehmer, katoa orodha ya namba tasa mpaka 10,006,721 na ya kwanza kabisa kwenye orodha ni 1. Kwa hiyo dogo na kosa lake jekundu wana wenzao wakubwa tu.

Kilichoitoa 1 ni usumbufu. Kila kanuni ya namba tasa ukiiandika na 1 ndani inabidi uongeze "isipokuwa moja", ya mvunjo isipokuwa moja, ya kuhesabu vigawo isipokuwa moja, chekeche isipokuwa moja. Mgeni ambaye kila sherehe unamwandikia kadi yake ya peke yake, mwishowe unamtoa kwenye orodha. Haimaanishi kaingia kundi la zile zinazovunjika kama 24, huko nako hayumo, maana haina vipande vidogo vya kuivunjia. 1 iko peke yake, na tasa wako kwao.

Dogo katulia, halafu kapiga mstari mwingine wa wima, kulia kaandika 1, kabaki kaishika kalamu. "Anko, sasa hii kushoto naandika nini?" Nikamwambia usiandike kitu. Kaitazama. "Aah, kumbe imeshafika chini." Nikamuuliza vigawo vyake vingapi kwa ile njia yetu ya kuchukua na kuacha. Hamna cha kuchukua, kuna njia moja tu, kuacha. Kimoja. Kaandika 1 pembeni, akafuta lile jibu lake la zamani kwa mate, karatasi ikatoboka.