Mzee anapoandika wosia: cheti cha daktari kuhusu akili timamu kina kazi gani?

"Daktari, baba ana miaka 81 na anasahau majina ya wajukuu. Wosia wake utakubalika kweli?"

Unaweza kukubalika. Kusahau jina la mjukuu ni jambo moja, kushindwa kuamua mali yako iende kwa nani ni jambo jingine kabisa. Kinachoangaliwa ni hali yake saa ile anapoandika na kusaini. Je, anaelewa kwamba anagawa mali itakayochukuliwa akishafariki? Anajua, walau kwa ujumla, ana mali gani? Anawakumbuka watu ambao wangetarajia kurithi? Na je, uamuzi wake unatokana na mawazo yake, au na imani iliyoletwa na ugonjwa, kama mzee anayesadiki kwamba mke wake anamtilia sumu wakati hakuna kitu kama hicho? Vigezo hivi vilitamkwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1870, na bado ndivyo madaktari na mahakama wanavyovirudia katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza.

Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau ulio katika hatua za mwanzo anaweza kuvipita vyote vinne. Mwingine asiye na ugonjwa huo anaweza kushindwa, kwa sababu tu wiki hiyo ana malaria kali.

"Mnampima nini? Mnapiga picha ya kichwa?"

Hapana. Picha ya kichwa haionyeshi kama mtu anaelewa wosia. Kazi kubwa ni mazungumzo, lakini kabla ya kuanza tunaondoa kwanza vitu vinavyovuruga akili kwa muda. Tunapima sukari na joto, tunauliza dawa alizomeza asubuhi, tunaangalia kama amekaukiwa maji au ana maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa wazee maambukizi hayo huweza kuleta mkanganyiko wa ghafla hata bila homa. Ukimkuta hivyo, mtibu, mwambie arudi baada ya kupona. Angalia na masikio pia, maana mzee asiyesikia vizuri hujibu ovyo, watu wakasema akili zimemruka.

Tuchukue mfano wa mzee wa Hombolo, Dodoma. Ana ekari mbili za zabibu, nyumba ya vyumba vinne mjini, ng'ombe 14 na watoto watano. Shamba la zabibu anataka kumpa binti wa mwisho, aliyemuuguza miaka yote. Kipimo cha kalamu na karatasi kilichozoeleka, chenye alama 30, hakimfai kwa sababu hakusoma shule. Kipo kingine kilichotengenezwa kwa wazee wa huku kwetu, kwenye utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Unampangia njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani, naye apange zake zifanane, kisha ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Njiti alizipanga sawasawa. Siku ya wiki alikosea, akasema Jumanne ilhali ni Alhamisi.

Hata hivyo alama si hukumu. Daktari akamuuliza, "Ukiweka dole gumba hapa, kitatokea nini?" Akajibu, "Nikishazikwa, hawa wagawane kama nilivyosema. Nikiwa hai, shamba ni langu." "Na kifungua mimba wako mbona hayumo kwenye shamba?" "Yule nilimnunulia kiwanja Kikuyu, amejenga, anaishi. Huyu mdogo hana kitu."

Jibu hilo la mwisho lina uzito kuliko kipimo chochote. Mzee anamkumbuka mtoto aliyeachwa, anajua kwa nini amemwacha, na sababu yake inaeleweka. Daktari akaliandika neno kwa neno, pamoja na kosa la Jumanne na majina mawili ya wajukuu yaliyompotea. Usimwombe daktari afiche makosa hayo. Ripoti inayoonyesha mahali mzee alipoteleza ndiyo inayoaminika pale inaposema mahali pengine alikuwa sawa.

"Mimi ndiye ninayemleta hospitali. Naruhusiwa kukaa naye ndani?"

Kaa nje, tafadhali, hasa kama wosia unakutaja. Kama mzee anaongea Kigogo zaidi kuliko Kiswahili, atafute daktari anayekijua, au muuguzi asiye ndugu atafsiri, na jina la mtafsiri liandikwe. Siku ya kesi swali la kwanza la ndugu wengine litakuwa: nani alikuwa chumbani?

"Kaka zangu wakipinga mahakamani, karatasi hii inasaidia vipi?"

Bila cheti, miaka minne baada ya mazishi hakimu anabaki na ndugu wa upande huu wanaosema mzee alikuwa na akili zake, na wa upande ule wanaosema alikuwa anazungumza peke yake. Kila mmoja ana anachokitafuta. Anayeutegemea wosia ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ni halali, na kumbukumbu za watu wenye maslahi ni msingi dhaifu.

Cheti kinamleta mtu asiyerithi chochote, aliyemwona mzee siku ileile. Daktari anaweza kuitwa shahidi, akafungua faili na kusoma majibu. Hapo ndipo tofauti ya cheti na cheti inapoonekana. Nimeona vingi vyenye mstari mmoja, "nimempima, ana akili timamu", na muhuri. Wakili akiuliza "ulijuaje?", daktari hana la kusoma. Chenye nguvu kina tarehe na saa, jinsi mzee alivyotambuliwa, nani alimleta, vipimo vilivyofanywa, maswali na majibu, maoni ya daktari na sababu zake, kisha jina, saini na namba yake ya usajili. Hali ikiwa na utata, daktari wa kawaida ampe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Dodoma tuna hospitali ya Mirembe. Kupelekwa Mirembe kwa ajili hii si kumwita mzee kichaa.

"Wosia tuliuandika miezi sita iliyopita. Tukachukue cheti sasa?"

Cheti cha leo kinaeleza akili ya leo. Kama bado yuko sawa, aurudie wosia mbele ya mashahidi na apimwe siku hiyohiyo. Ukimshawishi daktari arudishe tarehe nyuma, umeuua wosia wenyewe, maana daftari la wagonjwa litamsuta.

"Kwa hiyo tukiwa nacho, hakuna wa kutupinga?"

Wapo, na wanaweza kushinda. Cheti hakitibu saini ya kughushi. Hakiongezi mashahidi: wosia wa maandishi wa kimila, kwa kanuni za Tanzania za mwaka 1963, unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika wasiopungua wawili kama mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, na wanne kama hajui, nusu wa ukoo na nusu watu baki. Kwa Mwislamu, hakimruhusu kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Wala hakithibitishi kwamba hakutishwa. Mtu mwenye akili zake zote anaweza kusaini kwa hofu, ndiyo maana daktari mzuri, mkiwa mmeshatoka, humuuliza mzee taratibu kama kuna mtu amemwambia la kusema.

Nakala moja ikae pamoja na wosia, iwe kwa wakili au RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, na namba ya faili la hospitali iandikwe juu yake. Daktari anaweza kuhamishwa kituo, lakini kwa namba hiyo faili litapatikana.