Je, wajua kwa nini lebo iliyojaa maandishi hurudishwa kuwa haijakamilika?

"Lebo yangu ina viambato, ina EXP, ina uzito. Aliyeikagua ameirudisha akisema kuna vitu vimekosekana. Vimekosekanaje wakati vyote nimeandika?"

Kwa sababu kichwa kisicho na taarifa yake huhesabiwa kuwa kitupu. Neno EXP peke yake si tarehe, namba 400 isiyo na kipimo si uzito, na orodha ya viambato iliyoruka kimoja si orodha kamili. Mkaguzi hasomi kuona kama neno lipo. Anajiuliza kama mnunuzi aliyeshika bidhaa dukani, bila kumpigia simu mtengenezaji, atapata jibu kamili. Jibu likikosekana, anaandika limekosekana, hata kama nafasi yake imepambwa kwa rangi.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki msingi wa ukaguzi huu ni kiwango cha EAS 38 kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa. Kimataifa kuna kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, kiitwacho CXS 1, kilichotolewa mwaka 1985 na kurekebishwa mara kadhaa. Tanzania wanaosimamia lebo za vyakula ni TBS, ambao walikabidhiwa shughuli za usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Kenya ni KEBS. Lebo ina mambo mengine pia, kama jina la chakula, anwani ya mtengenezaji na namba ya toleo, lakini hapa nashika matatu tu, kwa kuwa ndiyo yanayorudisha lebo nyingi za wajasiriamali wadogo: viambato, tarehe na uzito halisi.

Tuchukue mfano wa kopo la plastiki la biskuti zinazookwa nyumbani. Mbele kuna picha kubwa ya nazi iliyopasuliwa, na maandishi haya:

BISKUTI ZA NAZI
Viambato: nazi, unga, sukari, majarini
Uzito: 400
EXP: miezi 6

Kabla ya kuandika kwamba kitu hakipo, zungusha kopo lote. Tazama kifuniko, chini ya kopo, shingo yake, na kama ni pakiti ya nailoni, tazama pale kwenye mshono wa juu na wa chini, maana mashine nyingi huchapa tarehe hapo. Lebo inaruhusiwa kusema "tazama chini ya kopo", mradi ukigeuza uikute. Anayekagua kwa picha ya upande wa mbele tu hawezi kusema kitu kimekosekana. Anaweza kusema hajakiona. Kopo letu tumeligeuza lote, na hakuna kingine.

Tuanze na viambato, maana hapa ndipo penye kazi. Kanuni ni kwamba vinapangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa vipimo vya wakati wa kuchanganya na si baada ya kuoka. Kwa hiyo lebo haiwezi kukaguliwa peke yake. Lazima uombe daftari la mapishi.

Daftari la biskuti hizi, kwa mchanganyiko wa kilo 10, linasema hivi: unga wa ngano kilo 5, majarini kilo 2 na gramu 200, sukari kilo 2, nazi iliyokaushwa gramu 700, baikaboneti ya soda gramu 100. Linganisha na lebo. Nazi iliyotangulia kwenye lebo ni ya nne kwenye daftari. Baikaboneti haimo kabisa. Wapishi wengi huiacha kwa sababu ni kidogo na "ni ya kuumulia tu", lakini ni kiongezeo kinachofanya kazi ndani ya biskuti, na viongezeo vya namna hiyo hutajwa kwa kazi yake na jina lake.

Neno "unga" nalo halitoshi. Unga wa nini? Wa mahindi, wa muhogo, wa mchele? Kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano, neno moja lililoachwa hapo ndilo alilokuwa akilitafuta. Ngano imo katika orodha ya vyakula ambavyo Codex inataka vitajwe wazi kila mara kwa sababu ya mzio, pamoja na maziwa, mayai, karanga, samaki na jamii ya kamba na kaa. Soya ilikuwamo hadi 2024, na sasa Codex inaiachia kila nchi iamue.

Majarini ndiyo inayowapita wengi. Mtengenezaji anaiona kama kitu kimoja kwa kuwa anainunua kwenye ndoo moja. Kumbe ni mchanganyiko wenye viambato vyake. Hapa Codex ina mstari wa asilimia 5: mchanganyiko wa namna hii ukiwa chini ya hapo, si lazima viambato vyake vyote vifunguliwe. Majarini yetu ni asilimia 22, kwa hiyo ni lazima. Tunaigeuza ndoo na kusoma: mafuta ya mimea, maji, chumvi, unga wa maziwa, lesithini ya soya. Maziwa na soya, vyote viwili vya mzio, vilikuwa ndani ya biskuti na hakuna herufi hata moja kwenye kopo iliyovitaja. Na hata kama majarini ingekuwa kijiko tu, chini ya ile asilimia 5, vya mzio vingetajwa vilevile. Ndiyo maana sikubali kukagua viambato bila kuona ndoo, pakiti na chupa zenyewe zilizotumika. Kinachokosekana mara nyingi kimeandikwa kwenye lebo ya mtu mwingine.

Bado kuna ile picha ya nazi. Kiambato kikipigiwa debe kwa picha kubwa, asilimia yake inatakiwa itajwe. Gramu 700 ndani ya kilo 10 ni asilimia 7. Basi mstari uliokamilika ni huu:

Viambato: unga wa ngano, majarini (mafuta ya mimea, maji, chumvi, unga wa maziwa, kiunganishi: lesithini ya soya), sukari, nazi iliyokaushwa (7%), kiumulishi (baikaboneti ya soda).

Tarehe ni fupi zaidi. "EXP: miezi 6" ni muda, haijawa tarehe. Miezi sita tangu lini? Ukimuuliza mwokaji atakwambia, "Tangu nilipooka, mama." Ni kweli, lakini siku aliyooka haimo kwenye kopo, na mnunuzi wa Dodoma hawezi kuihesabu. Kilichokosekana ni siku ya mwisho yenyewe. Kama zimeokwa tarehe 12 Machi 2026, kopo liandikwe mwisho wa matumizi 12 Septemba 2026. Kwa chakula kinachodumu zaidi ya miezi mitatu, Codex hutosheka na mwezi na mwaka, na hapo mwezi huhesabiwa hadi siku yake ya mwisho. Kisichofika miezi mitatu lazima kitaje na siku.

Mwezi nashauri uandikwe kwa herufi. Ukikuta 03/04/26 kwenye bidhaa iliyotoka nje, hujui kama ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, na mkaguzi anayekisia hapo hajakagua. Tarehe yenye njia mbili za kusomwa iandikwe kuwa haijulikani, kisha ulizia mwingizaji. Halafu lowesha kidole uisugue. Wino wa muhuri wa kawaida haushiki kwenye plastiki, na tarehe itakayofutika kwenye jasho la mikono ya muuzaji itakuwa imekosekana kabla kopo halijafika nyumbani.

Usikimbilie kuandika "haipo" kwa kila kitu kisicho na tarehe, lakini. Codex inasamehe baadhi ya vyakula: siki, sukari kavu isiyoongezwa virutubisho, mikate na maandazi ya kuliwa ndani ya saa 24. Chumvi pia, ila ile isiyotiwa madini joto tu. Chumvi ya madukani kwetu hutiwa madini joto, na hayo hupungua kadiri chumvi inavyokaa, kwa hiyo msamaha huo hauifikii.

Tumebaki na "Uzito: 400". Kwa macho, vimekosekana viwili: kipimo, na neno la kuonyesha kwamba ni uzito halisi, yaani wa chakula bila kopo. Iandikwe "Uzito halisi: 400 g". Vitu vya majimaji huandikwa kwa ujazo, mililita au lita. Chakula kilichofungwa ndani ya maji, maji ya chumvi au siki kinatakiwa pia kitaje uzito wake baada ya kuchujwa.

Ila macho hayamalizi. Weka kopo zima kwenye mizani: gramu 412. Mimina biskuti, kisha pima kopo tupu, kifuniko na karatasi ya ndani: gramu 38. Biskuti ni gramu 374. Chanzo ni rahisi kukitambua. Mwokaji anaweka kopo kwenye mizani na kujaza hadi asome 400 na kidogo juu yake, bila kuirudisha mizani sifuri kopo likiwa tupu. Anapima na plastiki.

Mwongozo wa kimataifa wa vipimo, OIML R 87, unaruhusu kopo mojamoja la gramu 300 hadi 500 lipungue kwa asilimia 3, ambazo kwa gramu 400 ni 12. Letu limepungua 26. Na hizo 12 si ruhusa ya kupunja kila kopo, kwani wastani wa makopo yote ya toleo unatakiwa ufikie 400. Tanzania kazi hii ni ya Wakala wa Vipimo, nao huja na mizani.

Majibu anayorudishiwa mwokaji nayatenganisha, kilichokosekana mbali na kilichopotoka, kwa sababu marekebisho yake hayafanani:

Viambato: vimekosekana aina ya unga, viambato vya majarini (pamoja na maziwa na soya), kiumulishi, na asilimia ya nazi. Mpangilio umepotoka.
Tarehe: imekosekana siku ya mwisho wa matumizi.
Uzito: kimekosekana kipimo na neno "halisi". Kiasi kimepotoka, 374 badala ya 400.

Tarehe inatibika kesho kwa muhuri wa wino unaoshika plastiki na nafasi tupu kwenye lebo. Kiasi kinatibika kwa kitufe cha sifuri kwenye mizani. Viambato vinahitaji lebo mpya, na akibadilisha chapa ya majarini mwezi ujao, ndoo hiyo nayo isomwe upya kabla ya kuchapa.